Kanga Sita, Beseni Moja

Mke wangu aliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kwenda zamu, akaniachia maagizo mawili: maharage yako jikoni, na zile kanga zilizo juu ya kabati nisiziguse. La maharage nililitii.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu harusi yetu. Wageni wa Tanga walishapanda mabasi yao, maturubai yalishang'olewa, na kamati ilishavunjwa kwa supu na chapati kama kawaida. Kilichobaki ni shukrani. Za kwangu nilikuwa nimezimaliza Jumatatu ya kwanza kwa ujumbe mmoja kwenye kundi la kamati: "Asanteni nyote kwa kila kitu, Mungu awabariki." Bestimani wangu, aliyekaa na pete mfukoni tangu alfajiri na kulifuta jasho langu kwa leso yake mwenyewe, alipata shukrani yake humo humo, katikati ya mwenye maturubai na mwenye maspika. Nilitumia dakika moja, na nilijiona mwepesi wa kazi.

Mke wangu alitumia siku tisa. Alikuwa na matroni na wapambe watano, na kila mmoja alimtafutia doti yake ya kanga, si kwa rangi bali kwa jina. Matroni alipata WEMA HAUOZI, ya njano yenye pindo la kijani. Mdogo wake wa tumbo moja alipata UNDUGU NI KUFAANA SI KUFANANA. Binamu yake aliyeshughulikia usafiri alipata SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, na hiyo ilimchekesha mpaka akaketi. Rafiki yake mwenye mdomo mkali alipata MSEMA KWELI MPENZI WA MUNGU. Rafiki wa kazini alipata AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Wa sita alipata kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, na kisutu chenyewe hakikuwa na jina lolote. Nilimuuliza kwa nini huyo ananyimwa maneno. Akasema, "Ndiyo maneno yake." Sikuelewa, nikarudi kwenye mpira.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba baada ya kuzinunua alikaa usiku, nikiwa nimelala, akaandika kadi sita za manila kwa kalamu za jeli za rangi, kisha akaibana kila kadi kwa pini katikati ya mikunjo ya kanga ya mhusika. Kwa macho ya kawaida zilikuwa doti sita zilizokunjwa na kusubiri karatasi ya zawadi.

Mimi nimelelewa na mama wa Tanga. Kanga mpya kwetu haikuvaliwa na dawa yake ya kiwandani, ule ugumu unaoifanya isimame kama karatasi. Ilitiwa kwenye maji ya chumvi kwanza, ikalainika, ndipo mtu akajifunga. Basi Jumamosi ile, nimeshakula maharage, nikazitazama kanga juu ya kabati zikiwa zimekakamaa, nikaona aibu kuwapelekea wanawake sita nguo ngumu. Nikasema moyoni: mke wangu akirudi atakuta kazi imekwisha. Mwanamume aliyeoa wiki tatu hupatwa na mawazo ya namna hii.

Nikachukua beseni kubwa la bluu, nikamimina maji, vijiko vinne vya chumvi, na kanga zote sita, zimekunjwa vile vile. Nikaenda kutazama kipindi cha kwanza.

Niliporudi maji yalikuwa juisi ya rozela. Katikati yake zilielea karatasi tano zilizolegea kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, na ya sita ilining'inia kwenye pini yake ukingoni mwa beseni.

Nilivuta kanga moja baada ya nyingine. Kisutu ndicho kilichokuwa kinachuja. Kile kisichokuwa na neno la kusema kilikuwa kimesema na wenzake wote. Ya njano ya matroni, iliyokuwa chini yake kabisa, ilikuwa na baka la waridi ukubwa wa sahani, kwenye mji wa kanga ambako jicho huanzia. Nyingine zilikuwa zimeguswa guswa kwenye pindo.

Nikampigia Mama. Baada ya kunyamaza kwa muda aliuliza, "Zote pamoja?" Nikasema ndiyo. "Mwanangu, mimi nilikuwa naloweka kanga moja moja." Akakata, nadhani ili acheke kwa nafasi.

Mtaani kwetu Tabata kuna mzee dobi, aliyefanya kazi ujanani katika kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Nilimkimbilia na beseni kichwani. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye maji.

"Umeanika hata moja?"

"Bado, Mzee."

"Basi una bahati. Rangi ikikaukia kwenye nguo ya mwenzake, na pasi ikapita, umeshaitia rangi upya."

Akanieleza huku akizitenganisha. Kanga ikitoka kiwandani huwa na rangi iliyoshika pamba na rangi ya ziada iliyobaki juu juu tu. Hiyo ya ziada ndiyo inayochuja. Chumvi ina kazi yake kwenye pipa la kutia rangi, kwa sababu huisukuma rangi iingie kwenye nyuzi, lakini haiifungi pale ilipo. Kanga ikishafika nyumbani, chumvi haina inachokishikilia. Kinachotakiwa ni maji mengi ya kuondoa hiyo ziada, kila nguo na ndoo yake, mpaka maji yatoke meupe. Kama mtu ana shaka na nguo, achukue kitambaa cheupe kilicholoa, akibane kwenye pembe yake kwa muda. Kikipokea rangi, nguo hiyo ifuliwe peke yake. Kitambaa kimoja na nusu dakika. Nilichohitaji mimi kilikuwa hicho tu.

Tulitumia ndoo sita, sabuni ya unga, na maji ya moto kwa zile zilizoguswa kwenye pindo, kwa kuwa rangi iliyopandia tu huachia kwenye moto na sabuni kabla haijakauka. Nne zilirudi kama zilivyokuwa, au karibu. Kisutu kilitoa wekundu mpaka maji ya tano, kikatulia. Ya matroni ilikataa. Baka lilipungua likawa kama alama ya mdomo uliopakwa rangi, lakini lilikuwepo, na mzee akaniambia maneno ambayo sikutaka kuyasikia: "Tena hukupaswa kuzilowesha kabisa. Doti ya zawadi huenda na dawa yake na haijakatwa. Ndivyo mpokeaji anavyojua ni mpya. Kulainisha na kukata ni kazi yake."

Nilizianika kivulini, nikarudi kwenye karatasi.

Kadi tano zilizoandikwa kwa kalamu ya jeli zilikuwa zimebaki mawingu ya zambarau na kijani. Wino ule ni wa maji, na uliporudi kwenye maji haukuaga. Lakini inaonekana kalamu zilimwishia mke wangu njiani, maana ya sita aliiandika kwa biro, na wino wa biro una mafuta. Karatasi ilikuwa imevimba, maneno yamesimama. Ilikuwa ya rafiki wa kazini, yule wa AKUFAAYE KWA DHIKI. Nikasoma:

"Alhamisi ile, saa mbili usiku, nilikupigia simu nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba ili mtu asinisikie. Hukuniuliza swali hata moja. Ulisema, nipe nusu saa. Sitalitaja hapa ulilolifanya kwa sababu kadi husomwa na nyumba nzima. Lakini Ijumaa niliamka nikiwa bibi harusi, na Alhamisi nililala sijui kama nitakuwa. Nakushukuru kwa nusu saa ile."

Niliisoma mara nne. Nyuma ya nyumba? Ili mtu asinisikie? Mtu gani? Alilala hajui kama atakuwa bibi harusi, kwani bwana harusi alikuwa amekwenda wapi? Siku nzima iliyobaki niliishi na Alhamisi hiyo. Nilimkumbuka kila mwanamume aliyewahi kumsalimia mke wangu kwa bashasha. Nilimkumbuka hata kinyozi.

Hata hivyo kazi ilikuwa inanisubiri. Nikanunua manila na biro, nikakaa mezani kuziandika upya kadi tano kabla mwenyewe hajarudi. Ya kwanza: "Asante sana matroni kwa kila kitu, Mungu akubariki." Ya pili: "Asante sana shemeji kwa kila kitu, Mungu akubariki." Kwenye ya tatu mkono ulisita. Niliiweka pembeni ya ile iliyosalimika, nikaziangalia. Moja ilikuwa na siku, saa, mahali aliposimama mtu na neno aliloambiwa. Yangu ingeweza kupelekwa kwa mwenye maspika.

Nikazichana. Nikavaa viatu, nikaenda Kariakoo.

Nilikuwa na kipande kimoja tu cha ukweli cha kunisaidia: njano, pindo la kijani. Maduka mawili hayakuwa nayo. La tatu lilikuwa nayo, imekunjwa na kupangwa kwenye lundo, na kwenye mkunjo wa juu neno moja likiwa wazi: SHUKRANI. Nilikaribia kumkumbatia muuzaji. Kanga ya rangi ile ile, na tena yenyewe inasema shukrani! Nikatoa shilingi 14,000 bila kuomba apunguze, nikanunua na karatasi ya zawadi, na nilipofika nyumbani ndiyo niliyoifunga ya kwanza, kwa gundi ya karatasi pande zote, ili angalau kitu kimoja kionekane kimekamilika.

Mke wangu aliingia saa kumi na mbili jioni. Nilimweleza kuanzia kwenye chumvi. Alikaa na mkoba wake mapajani, hakuuweka chini. Nilipofika kwenye kadi alifumba macho. Nilipofika kwenye ile moja iliyosalimika aliyafumbua.

"Umeisoma."

"Nimeisoma. Alhamisi kulikuwa na nini?"

Akaniangalia kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuupokea. Kisha akaniambia. Jumanne ya wiki ya harusi mimi ndiye niliyemwambia kwamba michango imetimia na mpishi ameshalipwa chake chote. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na ahadi za watu watatu, na kwa hesabu yangu ahadi ni hela. Alhamisi jioni mpishi akampigia bibi harusi: bado shilingi 400,000, zisipofika usiku huu hawashi moto. Alijua akiniambia nitagombana na kamati nzima siku mbili kabla ya kanisani. Akaenda nyuma ya nyumba. Rafiki yake alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo wiki ile, fedha za kodi ya nyumba. Katika nusu saa zilikuwa kwa mpishi.

"Mtu" wa kutosikia nilikuwa mimi. Ule wali niliousifia kwenye hotuba ulipikwa kwa kodi ya mpambe.

Nikasema basi tuweke hela ndani ya kanga, kesho tumpelekee kwa pamoja. Akakataa. Deni ni deni, alisema, linalipwa kwa mkono wake na siku yake, na anayelipwa anahesabu mbele yako. Ukilifunga ndani ya zawadi unamwambia kwamba zawadi ni risiti. Kanga ni ya nusu saa, na 400,000 ni za 400,000.

Halafu akasema, "Kalamu iko wapi?"

Akawa anatamka, mimi naandika kwa biro, naye akiwa amejinyoosha kwenye kochi na miguu ya zamu imevimba. Ndivyo nilivyoijua harusi yangu. Nilikuwa nimeihudhuria tu.

Ya matroni ilikuwa hivi: "Zipu ilipokatika tukiwa kwenye foleni, nililia, ukaniambia nitoe pumzi nisiivute. Ukatoa sindano kwenye mkoba ukanishonea gauni mwilini kutoka kiunoni hadi mabegani, gari likiruka kwenye mashimo, na hukunichoma hata mara moja. Jioni yote ulikaa hatua moja nyuma yangu kuulinda uzi, ukala saa sita usiku. Watu wanasema nilitembea kwa madaha. Nilikuwa nimeshonewa." Nilikumbuka madaha hayo. Nilikuwa nimejigamba nayo kwa bestimani.

Ya mdogo wake haikutaja vyombo alivyoosha wala safari za sokoni, ingawa mimi nilitaka kuvitaja, ndivyo nilivyoviona. Akasema mdogo mtu ukimshukuru kwa kutumwa unamkumbusha kwamba ulimtuma. Alimshukuru kwa siku tisa alizolala kwenye mkeka sebuleni ili mashangazi walale kitandani kwake, na kwa kuamka kila alfajiri kuukunja mkeka kabla hawajaona, wasije wakajisikia vibaya. Ya binamu wa usafiri ilikuwa fupi na ya mzaha, kuhusu basi dogo la wageni lililopotelea Kibaha na yeye akaliongoza kwa simu akiwa chini ya mashine ya saluni. Ya mwenye mdomo mkali ndiyo iliyomchukua muda mrefu. Yule alimzuia kukopa gauni la pili, na alimzuia mbele ya watu. "Iliniuma," nikaandika alivyotamka, "na bado inauma kidogo. Lakini leo sina deni la gauni." Nikauliza kama tuondoe hilo la kuuma. Akasema huyo ukimpelekea sukari tupu atajua unadanganya.

Tulipofika kwa mwenye kisutu alinyamaza muda. Mama yake mke wangu alifariki kabla sijamfahamu. Usiku wa kuamkia harusi mke wangu alikuwa ameketi na picha ya mama huyo, wapambe wengine wakiimba sebuleni. Huyu mmoja aliingia, akafunga mlango, akaketi sakafuni. Hakusema usilie, hakusema mama anakuona, hakumshika hata bega. Alikaa mpaka kukapambazuka. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika mistari yangu mizuri kuhusu faraja, akanyoosha mkono akaichukua kadi, akaigeuza, na upande mweupe akaandika mwenyewe: "Ulikaa. Asante." Kisha akaibana kwenye kisutu.

"Na ya matroni umenunua yenye jina gani?" aliniuliza tukiwa tunamalizia karatasi.

"La shukrani," nikajibu, kwa kifua.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Akaingiza kadi chini ya utepe.

Jumapili baada ya ibada tulianza kwa matroni, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Tulimkuta na mama mkwe wake na wifi zake wawili. Alisoma kadi kwanza, kimya, akajifuta macho kwa kiganja, akampa mama mkwe wake aisome. Kisha akafungua karatasi, akaikamata doti kwa pembe mbili, akaikung'uta ifunguke yote kama wanawake wafanyavyo, na sote tukaliona jina mara moja, kwa herufi kubwa nyeusi kwenye njano:

SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE.

Mama mkwe aliisoma kwa sauti. Mmoja wa wifi akaisoma tena, pengine akidhani amekosea. Mke wangu hakugeuka kuniangalia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Shemeji," matroni akasema hatimaye, "hii umeichagua wewe?"

Nikakiri. Akacheka mpaka akaomba maji. Kadi akaibakiza, kanga akairudisha mikononi mwangu, akasema ataipokea ile yenye baka, kwa kuwa bado inasema wema hauozi. Tuliirudia nyumbani siku hiyo hiyo, na kwa zile nyingine tano nilisubiri nje kwenye gari.

Deni la 400,000 tulilipa kwa mafungu mawili, na fungu la pili nililipeleka mimi, akalihesabu mbele yangu. Bestimani nilimwandikia kadi yake kwa biro, kuhusu leso. Ile kanga ya punda ipo kwetu. Mke wangu alishaikata na kuipinda, na huifunga siku ambazo hataki kusema nami kwa mdomo. Leo asubuhi alikuwa ameifunga, na bado sijajua ni kwa lipi.